Ni na Ndiye: Utatu na Tauhidi katika Darasa Moja

Katika mtoto wa meza yangu ya kazi ninahifadhi nakala ya jibu la mtihani la miaka kadhaa iliyopita. Swali lilikuwa langu: eleza mafundisho ya Utatu na mafundisho ya Tauhidi kwa namna ambayo muumini wa kila upande angesoma na kukiri kuwa hiyo ndiyo imani yake. Mwanafunzi aliandika kurasa nne za mwandiko safi, kisha akahitimisha hivi: Mungu wa Wakristo ni mmoja anayejidhihirisha kwa hali tatu, mfano wa maji yanayokuwa barafu na mvuke, Mungu wa Waislamu ni mmoja kama namba moja ilivyo moja, na zaidi ya umoja huo hakuna linaloweza kusemwa juu yake. Nilimpa alama za chini. Nilipokuwa nikitafuta maneno ya kumweleza kosa lake, nikatambua kwamba mfano wa maji hakuutoa kitabuni. Aliutoa kwangu, katika mhadhara wa wiki ya tatu.

Nafundisha elimu ya dini katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, na somo lenyewe hufundishwa kwa Kiingereza. Lakini jioni ya Alhamisi hubaki nami kundi dogo la wanafunzi wazungumzao Kiswahili: wawili waliolelewa Maskati, mmoja aliyetoka Bujumbura, wengine wa Mombasa na Dar es Salaam. Tunayarudia yaliyofundishwa kwa lugha yetu, na huko ndiko nilikojifunza kwamba sehemu kubwa ya makosa yao, na yangu, imejificha katika maneno matatu mafupi: ni, mmoja, na nafsi.

Sina budi kusema nilikotoka, kwa kuwa kosa hili nililianza mapema. Nilikulia Tanga, kwa baba Mwislamu na mama aliyesilimu alipoolewa. Bibi mzaa mama alibaki Mwanglikana wa Muheza hadi kufa kwake. Miaka ile ya mwisho wa 1980 mihadhara ya hadhara ilikuwa imeshamiri: meza, vitabu viwili vitakatifu, kipaza sauti, na umati uliosimama mpaka magharibi. Huko nilijifunza hesabu ya kuwashinda Wakristo: moja na moja na moja ni ngapi? Likizo moja, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, nilimuuliza bibi swali hilo akiwa anachambua mchele. Akaniambia, «Mjukuu wangu, mimi kila Jumapili naanza kwa kukiri Mungu mmoja. Wewe umehesabu nini?» Sikuwa na jibu, nikacheka, naye akarudi kwenye ungo wake.

Alilosema lilikuwa kweli tupu. Ukiri uitwao wa Nikea, uliotungwa mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381, huanza kwa kumkiri Mungu mmoja. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowataka wanafunzi waliandike siku hizi ni yale ambayo pande zote mbili huyakana. Zote hukana kuwa kuna miungu zaidi ya mmoja. Zote hukana kuwa Mungu ni mkusanyiko wa vipande. Zote hukana kuwa Mungu alioa akapata mtoto. Hili la tatu huwashangaza wengi, nami huwasimulia kisa cha Baghdadi. Mnamo mwaka 781 Patriarki Timotheo wa Kwanza, mkuu wa Kanisa la Mashariki, alikaribishwa mbele ya Khalifa al-Mahdi, na mazungumzo yao yamehifadhiwa katika waraka wa Kisiria. Khalifa alianza kwa kumuuliza inakuwaje mtu mwenye elimu kama yeye aseme kwamba Mungu alioa mke akazaa naye mwana. Timotheo hakuitetea kauli hiyo. Aliikataa kwa ukali uleule ambao Khalifa angeikataa, akauliza ni nani aliyetamka kufuru ya namna hiyo. Ndipo akaeleza kuwa uzao unaosemwa na Wakristo ni kama neno litokavyo katika akili na mwanga utokavyo katika jua, pasipo mke wala kabla na baada.

Khalifa hakukubaliana naye, na hakulazimika kukubaliana. Lakini tangu hapo walikuwa wanabishana juu ya jambo ambalo mmoja wao alikuwa analiamini kweli. Mwanafunzi anayeandika kwamba Uislamu huukataa Utatu kwa sababu Mungu hawezi kuwa na mke ameeleza ukanusho ambao Wakristo nao wanao, na tofauti yenyewe bado hajaifikia.

Sasa nije kwenye neno ni. Wakristo husema: Baba ni Mungu, Mwana ni Mungu, Roho Mtakatifu ni Mungu, Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba, na Mungu ni mmoja. Mwanafunzi wa Maskati aliziandika sentensi hizo ubaoni akasema, kwa haki kabisa, «Mwalimu, kama Baba ni Mungu na Mwana ni Mungu, basi Baba ni Mwana. La sivyo miungu ni wawili.» Nikamwomba afanye jambo moja tu: kila penye ni, ajaribu kuweka ndiye. Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao lugha nyingine hazitupi kwa urahisi. Nikisema «Asha ni mwalimu» nimetaja alivyo Asha. Nikisema «Asha ndiye mwalimu» nimesema kuwa mwalimu tunayemtafuta ni Asha na si mwingine. Kauli ya kwanza inamwachia nafasi Juma naye awe mwalimu. Ya pili inaifunga nafasi hiyo.

Kanisa halisemi kwamba Mungu ndiye Mwana, kana kwamba hakuna zaidi ya hapo. Na inafaa wanafunzi Wakristo wajue kwamba Kurani, katika aya ya 17 na ya 72 ya sura ya tano, inapowakemea wanaomtaja Masihi kuwa Mungu, hutumia muundo wa Kiarabu wenye nguvu ya ndiye: wanaosema kwamba Mungu ndiye Masihi mwana wa Mariamu. Kauli hiyo, ikichukuliwa kwa muundo wake, hata mababa wa Nikea wangeikataa. Sisemi kwamba kwa hiyo Kurani haina ugomvi na Nikea. Unao, na nitaufikia. Nasema kwamba mwanafunzi asiyesikia tofauti ya ni na ndiye atauweka ugomvi huo mahali pasipo pake.

Lakini msaada wa ni una ukomo wake, na hapa ndipo nilipokuwa nikiharakisha. Kama ni katika «Mwana ni Mungu» ni sawasawa na ni katika «Asha ni mwalimu», basi tumewapata walimu wawili, na kwa njia hiyohiyo miungu watatu. Swali hili Gregori wa Nisa aliulizwa katika karne ya nne na rafiki yake Ablabio: Petro, Yakobo na Yohana wana ubinadamu mmoja, nasi twawaita watu watatu, kwa nini basi tusiseme miungu watatu? Sehemu ya jibu lake inashika hasa. Walimu watatu ni watatu kwa sababu kila mmoja ana kazi yake: Asha anaweza kufundisha leo Juma akiwa amelala. Katika Mungu, asema Gregori, hakuna tendo la Baba ambalo Mwana na Roho hawamo. Kila tendo huanza kwa Baba, hupitia kwa Mwana na hukamilika katika Roho, nalo ni tendo moja. Anayewaza watu watatu walioketi kwenye baraza moja, wakipatana vizuri, bado hajauwaza Utatu. Amewaza ushirika.

Neno linalomfikisha mwanafunzi kwenye baraza hilo ni nafsi. Katekisimu zetu husema Mungu mmoja katika nafsi tatu. Kwa Kigiriki walisema usia moja na hipostasi tatu. Wakristo waliotumia Kiarabu walikopa neno la Kisiria, uknumu, pengine kwa sababu waliona kwamba nafsi ingepotosha. Sisi tumebaki na nafsi, na kwa masikio ya mwanafunzi Mwislamu nafsi ni ile inayoonja mauti, ile inayoamrisha mabaya, ile ya ubinafsi. Nafsi tatu kwake ni dhamiri tatu, matakwa matatu. Na anakumbuka kuwa mwisho wa sura hiyohiyo ya tano Isa anamwambia Mola wake kwamba anayajua yaliyo katika nafsi yake, na yeye Isa hayajui yaliyo katika nafsi ya Mungu. Huko neno liko katika umoja.

Siku moja binti wa Bujumbura, ambaye alikuwa amefundisha sarufi shule ya msingi, alitukumbusha kwamba tunayo nafsi nyingine: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mimi, wewe, yeye. Tulikaa na wazo hilo muda mrefu. Ubora wake ni kwamba mimi na wewe havitofautiani kwa kitu ambacho kimoja kinacho na kingine hakina. Vinatofautiana kwa uhusiano wa kusema na kuambiwa. Ndivyo hasa wanateolojia Wakristo wasemavyo: Baba na Mwana wana uungu uleule mzima, na lililo la Baba peke yake ni kuwa Baba wa Mwana. Upungufu wake ni kwamba katika sarufi nafsi hubadilishana zamu; ukianza kusema wewe unakuwa mimi. Baba hawi Mwana kamwe. Tukaandika ubora na upungufu huo pamoja, kwa kuwa mfano usioandikwa upungufu wake hugeuka kuwa fundisho.

Hapo ndipo mfano wangu wa maji ulipoangukia. Nilikuwa nimewaambia kwamba maji, barafu na mvuke ni kitu kimoja katika hali tatu. Binti huyo akauliza, «Yesu alipokuwa akiomba bustanini, barafu ilikuwa ikiongea na nani?» Alikuwa sahihi. Mfano wa maji ni fundisho la Sabelio, ambalo Kanisa lililikataa katika karne ya tatu kwa sababu lilifanya sala ya Mwana kwa Baba kuwa mchezo wa kuigiza. Yai lenye ganda, ute na kiini huanguka upande wa pili, kwa kuwa ganda si yai, na Mungu hana theluthi. Hata jibu ambalo Wakristo walilitumia kwenye mihadhara, kwamba moja mara moja mara moja ni moja, halithibitishi kitu: kwa hesabu hiyo nafsi zingeweza kuwa mia. Siku hizi kila mfano ninaupima kwa maswali mawili tu. Je, watatu hawa wanaweza kusemezana? Na je, kila mmoja ni mzima, pasipo kuwa fungu? Maji hushindwa swali la kwanza, yai la pili. Watu watatu hushinda yote mawili, lakini hushindwa kuwa mmoja, na ndiyo sababu ya kumrudia Gregori.

Baada ya hapo wanafunzi Waislamu hudhani kwamba zamu yao itakuwa nyepesi. Mungu ni mmoja, basi imekwisha. Huwaambia kuwa wanachuoni wao wasingekubali kulimaliza jambo upesi hivyo. Mwanafunzi wangu aliyeandika kwamba Mungu ni mmoja kama namba moja aliikosea Tauhidi kama alivyoukosea Utatu. Namba moja hufuatwa na mbili. Ni mwanzo wa kuhesabu. Wanachuoni wengi waliona kwamba sura ya 112 ilichagua neno ahad pahali ambapo wahid lingetarajiwa, wakafafanua kuwa umoja huu hauanzishi hesabu: hana wa pili, hana sehemu, hana mfano. Kusema Mungu ni mmoja, kwa maana yao, ni kumtoa katika safu ya vinavyohesabika.

Wala si kweli kwamba zaidi ya umoja hakuna la kusemwa. Mungu ni mjuzi, ni muweza, ni hai, husema, husikia. Je, ujuzi wake ni kitu pamoja naye? Kama ni kitu cha milele pamoja naye, wa milele wamekuwa wangapi? Wanachuoni wa Mu'tazila walijibu kwamba Mungu ni mjuzi kwa dhati yake, wala si kwa ujuzi uliozidi dhati. Wanachuoni wa Kiash'ari walithibitisha sifa za milele, wakasema kwamba sifa si Yeye wala si ghairi yake. Waibadhi, ambao wawili wa Maskati wamekulia kwao, walielekea kusema kwamba sifa za dhati ndizo dhati yenyewe. Haya hayakuwa maneno ya kupitisha muda. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliwalazimisha makadhi na wanachuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa, na katika hoja zake alisema kwamba anayelifanya Neno la Mungu kuwa halikuumbwa anafanana na Wakristo wasemavyo juu ya Isa. Ahmad bin Hanbali alikataa, akafungwa na baadaye kuchapwa mijeledi. Hatimaye msimamo aliouteswa kwa ajili yake ndio uliotawala miongoni mwa Wasunni.

Ninapofika hapa, uso wa darasa hubadilika. Mwanafunzi mmoja wa Dar es Salaam alisema kwa furaha, «Kumbe ni kitu kimoja! Nafsi tatu ni sifa tatu, tofauti ni majina tu.» Hili ndilo kosa la mwisho, na naliogopa kuliko mengine kwa sababu linapendeza. Wapo Wakristo wa Baghdadi waliolijaribu: Baba ni kuwapo, Mwana ni Neno au hekima, Roho ni uhai. Waislamu waliwauliza kwa nini basi waishie tatu, na uwezo je, na kusikia je? Al-Kindi, mwanafalsafa wa karne ya tisa, aliuliza swali gumu zaidi. Kila nafsi, alisema, ina uungu ambao ni wa wote na pia upekee unaoitenga na nyingine. Basi kila nafsi imeundwa kwa viwili, na kilichoundwa kina kilichokiunda, na chenye sababu si cha milele. Yahya bin Adi, Mkristo wa karne ya kumi aliyesoma kwa al-Farabi, aliona hoja hiyo inastahili kujibiwa neno kwa neno, na ni kwa kuwa aliinukuu ndipo tunayo leo. Mkristo hujibu kwamba uhusiano si kipande kinachoongezwa juu ya uungu: kuwa Baba si kitu cha pili ndani ya Baba. Mwislamu huuliza kama ni hivyo, kinachowatofautisha ni nini hasa? Siwaambii wanafunzi nani ameshinda. Nawataka waweze kuandika hoja na jibu kiasi kwamba nisitambue wao wako upande gani.

Lakini nawapa kipimo kimoja cha kuzuia furaha ya yule wa Dar es Salaam, nacho hukipata kila mtu katika dua ya nyumbani kwao. Mwislamu huomba, Ewe Mjuzi, Ewe Mwenye Huruma. Haombi, Ewe Ujuzi, wala Ewe Huruma. Sifa hutajwa, na Mwenye sifa huitwa. Mkristo humwita Mwana, husema naye, humsujudia, na huamini kwamba Mwana naye humpenda Baba na kumwomba. Sifa haipendi na haiombi. Hapo ndipo njia zinapoachana kweli: je, katika Mungu aliye mmoja kuna wa kuitana? Mkristo hujibu kuwa kuna, na kwamba mmoja wao alizaliwa na mwanamke akafa. Mwislamu hujibu kuwa hakuna, na kwamba kumsujudia aliyezaliwa na mwanamke ni kumpa kiumbe haki ya Muumba. Majibu haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na sioni heshima yoyote katika kuwaficha waumini kwamba wanatofautiana.

Mwanafunzi wa lile jibu la mtihani nilimwita ofisini. Nilimwambia kwamba mfano wa maji ulikuwa kosa langu na nikampa nafasi ya kuliandika jibu upya. Safari hii aliandika ukurasa mmoja na nusu. Upande wa kushoto aliweka yale ambayo Mkristo angeyakiri, upande wa kulia ya Mwislamu, na chini aliandika swali la wa kuitana, bila kulijibu. Niliwapa ukurasa huo Mkristo mmoja na Mwislamu mmoja wa lile kundi la Alhamisi, bila jina. Kila mmoja alirekebisha neno moja upande wake, akasema upande wa pili umemsaidia.

Bibi alikufa nikiwa ughaibuni nikiandika tasnifu, na sikuwahi kumjibu swali lake. Nilikuwa nimehesabu majina, nikadhani nimehesabu miungu. Ningeweza kumwambia hilo pale pale ukumbini, na kisha, kwa adabu, nikamweleza kwa nini baba yangu hasemi amina penye jina la pili. Naamini angesikiliza mpaka mwisho, maana mchele ulikuwa bado mwingi.